Naogopa kulala tangu rafiki yangu afe usingizini

SWALI: Assalamu alaykum, shekhe. Rafiki yangu wa miaka 24 alilala mzima, asubuhi hakuamka. Hii ni wiki ya tatu. Nikizima taa tu moyo unanienda mbio, naona zamu yangu imefika. Je, huku kuogopa mauti ni upungufu wa imani?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Mwenyezi Mungu amrehemu rafiki yako.

Mtume (s.a.w.) aliposema kuwa anayechukia kukutana na Mwenyezi Mungu, Mwenyezi Mungu naye huchukia kukutana naye, Bibi Aisha alisema, "Sisi sote twachukia mauti." Mtume hakumkemea. Alimfahamisha kwamba makusudio ni saa yenyewe ya kukata roho, pale muumini anapobashiriwa radhi za Mola wake, akawa hana tena anachokipenda kuliko kilicho mbele yake. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Basi hofu yako ni ya kibinadamu, usiihesabu dhambi.

Lakini wewe huogopi mauti tu, unaogopa kitanda. Katika Suratuz-Zumar aya ya 42, Mwenyezi Mungu anasema huzichukua roho zinapokufa, na zisizokufa huzichukua usingizini. Huizuia iliyohukumiwa kufa, na nyingine huirudisha mpaka muda wake. Dua ya kulala imefuata maana hiyo hiyo: "Bismika Rabbi wadhaatu janbi, wa bika arfauhu, in amsakta nafsi farhamha, wa in arsaltaha fahfadh-ha…" Yaani, ukiizuia roho yangu irehemu, na ukiirudisha ihifadhi. Wengi tunaisoma kwa mazoea, kama kufunga mlango. Wewe isome polepole, umelalia ubavu wa kulia, kwani inaitaja hofu yako kwa jina lake na kuikabidhi kwa mwenyewe.

Mchana, shika kalamu. Mtume amesema haifai Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Andika unadaiwa nini na nani, hata kama ni deni la dukani, na amana za watu ulizonazo. Mwonyeshe ndugu mmoja unayemwamini. Kijana akisikia wasia hudhani ni mambo ya wazee wenye mashamba. Deni halina umri.

Ukiona hofu inakutoa kazini, inakunyima chakula, au moyo unakwenda mbio hata mchana, nenda hospitali ukapimwe. Kutafuta tiba Mtume ametuamrisha, na dua haikatazi daktari.

Na rafiki yako? Waulize wazazi wake, kwa upole, kama kuna anayemdai. Maiti mmoja aliletwa mbele ya Mtume akiwa na deni la dinari, Mtume akawaambia masahaba wamswalie wao. Abu Qatada akasema, "Deni lake juu yangu." Hapo Mtume akamswalia.