Alisema sawa, kisha akapotea: barua kwa mwanangu

"Mama, yule binti niliyempata Tinder tulikubaliana tukutane Jumamosi saa kumi jioni pale Nyerere Square. Alisema sawa. Nusu saa baadaye naingia kwenye simu hayupo, na meseji zote zimefutika. Hatukugombana. Nimemfanya nini? Na je, niende tu Jumamosi, huenda akatokea?"

Mwanangu,

Nilipopata ujumbe wako nilimwita dada yako anielekeze hiyo programu inavyofanya kazi, maana sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Alinionyesha kitufe kilichoandikwa Unmatch. Mmoja akikibonyeza, mwenzake anaondoka kwenye orodha na mazungumzo yanafutika pande zote mbili, bila taarifa yoyote kwa aliyeachwa. Lakini akifuta akaunti yake yote, wewe unaona kitu kilekile. Na wenye programu wakimfungia akaunti, pia unaona hivyohivyo. Kwa hiyo kutoweka kwake peke yake hakukwambii kama amekukimbia wewe au ameikimbia Tinder. Kitu kimoja tu tunaweza kukiondoa: hakuwa ameishiwa bando wala hakuiondoa tu programu kwenye simu. Angefanya hivyo, picha yake ingebaki palepale na meseji zako zingekaa bila majibu.

Cha kuangalia basi ni yale mliyosemezana mwishoni. Bahati nzuri dada yako anazo picha za skrini ulizomtumia Jumanne usiku ukiwa na furaha zako. Nimezisoma zote, usinikasirikie.

Ulimwuliza mara ya kwanza kama mnaweza kuonana, akajibu, "Tutaona, nina mitihani." Ukauliza tena, "Basi Jumamosi?" Akasema, "Labda." Ukarudi mara ya tatu, "Niambie basi, Jumamosi saa kumi Nyerere Square?" Hapo ndipo akaandika, "Sawa." Baba, hiyo sawa mimi siiiti ahadi. Wasichana wetu wamelelewa kwamba kumwambia mtu hapana usoni ni utovu wa adabu, kwa hiyo wengi husema sawa ili mazungumzo yaishe, halafu hutafuta mlango wa kutokea. Zamani mlango huo ulikuwa kumtuma mdogo wake aje aseme dada anaumwa. Siku hizi upo ndani ya simu.

Mtu aliyekusudia kuja huwa ana maswali. Atauliza daladala inashusha wapi, mtakaa upande gani wa ile bustani, utavaa nini akutambue. Au atabadilisha saa kwa sababu saa kumi bado yuko darasani. Anaanza kuipanga ile siku kwa upande wake. Huyu hakuuliza hata moja. Saa, siku na mahali vyote vilitoka kwako.

Lakini ungeishia hapo, pengine angekuja, maana Nyerere Square ni katikati ya mji, mchana, watu wamejaa. Ninachoona kimemshtua ni meseji yako ya mwisho: "Safi. Namba yangu hii hapa. Unakaa Makulu upande gani nikufuate na bodaboda, usihangaike na daladala." Najua uliandika kwa wema, ndivyo nilivyokulea. Ila isome kama binti anayekaa chumba cha kupanga, mbali na kwao, na hajawahi kuiona sura yako nje ya picha. Dakika moja kabla mlikuwa mnakutana mahali pa wazi ambapo angeweza kuondoka muda wowote. Dakika inayofuata unataka kujua mlango wake, na apande nyuma ya pikipiki bila kujua unampeleka wapi. Akikupa hiyo anwani hawezi kuichukua tena, hata mkionana akakuta hakupendi. Kwa hiyo hukumtukana wala kumkosea heshima. Ulimwomba kitu kikubwa kuliko alichokuwa amekubali, na kukubali kwenyewe kulikuwa kwa shingo upande.

Dada yako ana mawazo mengine, nami nayaandika kwa haki. Anasema huenda ana mtu wake. Hilo lipo, na Dodoma lipo zaidi. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, wengi wanafanya kazi mjini hapo huku mume au mke yuko Dar, na treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 imefanya mwenza aweze kutokea Ijumaa jioni. Mtu wa namna hiyo huchati vizuri katikati ya wiki, ila Jumamosi ikitajwa anapotea. Lakini huyu wako alikuwa akikujibu hata Jumapili, kwa hiyo mimi siliwekei uzito.

Kaka yako yeye anasema ni tapeli. Hapo nakataa kabisa, na hilo ninalijua kwa kazi. Hapa kibandani kwangu Kibaigwa nimewaona vijana wengi wakituma nauli kwa binti wa mtandaoni, kisha wanarudi jioni wameshika simu, wanataka muamala urudishwe, na hela imeshatolewa upande wa pili. Mla nauli hapotei ukimwambia mkutane. Hiyo ndiyo siku aliyoisubiri. Atakubali haraka, kwa furaha, kisha itakuja habari ya nauli, ya kusuka, ya mtoto wa dada anayeumwa, na atapotea baada ya kupokea. Huyu hakukuomba hata shilingi, na aliondoka kabla hujatoa kitu. Mwizi haondoki hivyo.

Kuhusu Jumamosi. Namba yako ulimpa, ya kwake hunayo. Kama akaunti yake ilifungwa au aliifuta kwa sababu zake, na kama aliinakili namba, anaweza kukupigia. Mpe hadi Ijumaa usiku. Akinyamaza, usiende kukaa pale saa kumi ukitazama kila binti anayepita.

Na hilo ulilomwambia dada yako, kwamba unajua kozi anayosoma UDOM na unaweza kumwulizia, liache kabisa. Usimtafute Instagram wala usifungue akaunti nyingine umpate upya. Kama aliondoka kwa hofu ya mtu asiyemjua kufika mlangoni kwake, wewe kutokea chuoni ni kumthibitishia kwamba alikuwa sahihi kuogopa. Tena kumfuatafuata mtu kwa meseji asizozitaka kunaweza kukufikisha polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa hayo.

Ukimpata mwingine, ukisikia "labda" acha hapohapo. Mwandikie, "Ukiwa na nafasi nitajie siku inayokufaa, na kama hujisikii niambie tu, sitakasirika." Wengine watakwambia hapana, na hiyo itakuokoa na Jumamosi kama hii. Akitaja siku mwenyewe, mpe mahali pa wazi, saa moja tu ya soda, aje kwa usafiri wake na aondoke kwa usafiri wake. Anakokaa usiulize, atakutajia akipenda. Kabla ya siku yenyewe muulize kama yuko tayari mpigiane video dakika tano, awe na uhakika kwamba wewe ndiye wa kwenye picha. Na hiyo picha yako ya kwanza, ile uliyopiga na gari la bosi wako, iondoe.

Mama yako,
Kibaigwa