Msimu wa pili unakwama wapi?

"Naandika mwongozo wa tamthilia ya wachuuzi wa soko la Owino, Kampala. Msimu wa kwanza umekamilika, wa pili sina kitu. Nimekosea wapi?"

Ndugu, tazama ukurasa wa wahusika kabla ya ule wa misimu. Kwa mfano, mama anayemtafuta tu muuaji wa mumewe, akimpata hadithi imekwisha. Mpe mgongano usioisha: kibanda amekijenga kwa jasho lake, lakini karatasi zina jina la shemeji. Msimu wa kwanza anakipata kwa kughushi sahihi. Wa pili, binti yake anaigundua. Yaani kosa la msimu mmoja ndilo linalozaa ufuatao.

Kisha andika visa 10, kila kimoja sentensi mbili. Ukikwama cha 6, kaza mgongano; kuongeza wahusika (wengi hukimbilia huko) huficha tu ufa.