Hali ya ndegeni imezima spika zangu za masikioni

*Fundi, juzi nimesafiri kwa ndege kutoka Dar kwenda Mwanza. Nilipowasha hali ya ndegeni kwenye simu yangu ya Android, spika za masikioni zikakata na Wi-Fi ikapotea. Kwa nini inazima vyote wakati kinachokatazwa ni kupiga simu? Na nikitaka Bluetooth peke yake, nafanyaje?*

Mwalimu, kitufe hicho kilibuniwa wakati abiria alitakiwa azime kila kinachorusha mawimbi ya redio, kiwe kikubwa au kidogo. Kwa hiyo watengenezaji wa simu waliweka redio zote chini ya swichi moja, mtu asianze kuzitafuta moja moja huku mhudumu amesimama pembeni yake. Baadaye masharti yalilegezwa. Mwaka 2013 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilifungua mlango kwa abiria kutumia vifaa vyao safari nzima, laini ya simu ikiwa imezimwa, na Ulaya ikafuata. Swichi ikabaki na tabia yake ya zamani.

Laini ya simu ndiyo yenye makelele. Simu ikikosa mnara wa karibu huongeza nguvu ili isikike mbali, na kwenye GSM, mtandao wa zamani wa 2G, inaweza kufika wati 2. Spika zako za masikioni zinazungumza na simu iliyo mfukoni, na Bluetooth ya aina hiyo kwa kawaida haizidi miliwati 2.5. Yaani nguvu ya laini inaweza kuwa mara 800 ya hiyo. Ndiyo maana moja inakatazwa na nyingine inavumiliwa.

Ndani ya Android kuna orodha mbili. Ya kwanza, `airplane_mode_radios`, inataja redio za kuzimwa ukibonyeza kitufe: laini, Wi-Fi, Bluetooth na nyingine chache. Ya pili, `airplane_mode_toggleable_radios`, inataja zile unazoruhusiwa kuziwasha tena bila kutoka kwenye hali hiyo, na kwa kawaida ni mbili tu, Bluetooth na Wi-Fi. Laini haimo, kwa hiyo hata ukiibembeleza haiwaki. Kumbe kwa Bluetooth na Wi-Fi kitufe kile hakikufunga mlango kwa ufunguo, kiliurudishia tu.

Sasa fanya hivi. Washa hali ya ndegeni kwanza, subiri sekunde mbili tatu hadi alama ya ndege itokee juu ya kioo. Kisha vuta pazia la juu mara mbili na ubonyeze Bluetooth peke yake. Wi-Fi usiiguse, itabaki imezimwa. Ukitaka Wi-Fi bila Bluetooth, ni vivyo hivyo, ila kwenye baadhi ya simu hutaona kitufe chenye jina Wi-Fi. Utaona Intaneti, ukikibonyeza kinafungua kidirisha na swichi ya Wi-Fi imo humo. Kuanza na hali ya ndegeni kuna maana: watu wengi huwasha Bluetooth kwanza, halafu hali ya ndegeni inakuja kuifagia, wakadhani simu imegoma.

Spika zisipojiunga zenyewe, zirudishe kwenye kikasha chake, funga, fungua tena. Mara nyingi zilikuwa zimechoka kuita simu iliyonyamaza.

Utajuaje laini bado imezimwa? Alama ya ndege iko palepale juu, sasa ina Bluetooth jirani yake. Ukiwa na shaka, na laini yako ni ya Vodacom, piga menyu ya M-Pesa, *150*00#. Isipofunguka ujue laini haipo. Ndiyo maana pia ukiwa nyumbani na Wi-Fi ndani ya hali ya ndegeni, WhatsApp inaingia vizuri lakini menyu ya pesa kwa nyota na reli inakataa: hiyo inapita kwenye mnara, haipiti kwenye intaneti.

Mwenye iPhone atashangaa, kwa sababu simu yake siku hizi huacha Bluetooth ikiwaka hata akibonyeza Airplane Mode. Android mpya nazo zimejifunza: kuanzia toleo la 11, spika zikiwa zimeunganishwa tayari, simu huwa inaiacha Bluetooth. Yako ilikata, basi yaelekea ni toleo la nyuma ya hapo, au mtengenezaji amebadilisha tabia hiyo.

Jihadhari na kumbukumbu. iPhone na Android za karibuni hukumbuka ulichowasha au kuzima ukiwa ndani ya hali hiyo. Ukiwasha Wi-Fi leo angani, safari ijayo inaweza kubaki inawaka yenyewe, na kama rubani ametaka vyote vizimwe, kitufe cha ndege peke yake hakitatosha. Angalia alama zilizo juu ya kioo, na inayobaki izime ukiwa bado ndani ya hali ya ndegeni, ndipo simu nayo itakumbuka hivyo.