Dispensa inachemsha ila haipozi: pima umeme kwanza, moduli baadaye

Vijana mnaoanza ufundi hapa Moshi, dispensa ikija inachemsha vizuri ila bomba la baridi linatoa maji vuguvugu, msikimbilie kununua moduli, kile kibamba chenye nyaya mbili kinachopoza maji. Upande wa moto unakula 220 moja kwa moja kupitia themostati zake, so kuchemsha kunakwambia tu umeme umefika kwenye mashine, basi. Naongelea hizi nyepesi zenye feni nyuma, sio zile nzito za kompresa.

Angalia swichi ya baridi huko nyuma kama imewashwa (usicheke, inatokea sana). Halafu chomoa waya ukutani, mwaga maji, fungua. Feni ikiwa imeganda kwa vumbi, hitisinki inashika joto, moduli inashindwa kutoa joto na mwisho inaungua, kwa hiyo feni kwanza.

Sasa kuna moja ya stationari ililetwa, feni inazunguka safi, na fundi aliyeitangulia alishabadilisha moduli ikabaki vilevile. Nikapima nyaya mbili za moduli ikiwa imeunganishwa, nikakuta volti 4 na kitu wakati inatakiwa karibu 12. Kuchomoa moduli, volti zinarudi 12! Hapo ndo wengi wanadanganyika, wanapima bila mzigo wanasema pawa saplai nzima. Ila usihukumu bado, maana bodi nyingi za pawa saplai zinashusha volti makusudi zikidhani maji yameshapoa, na sensa ya joto ikikatika inasomeka kama baridi kali. Nikaichomoa sensa nikapima omu, nikaishika mkononi, namba ikashuka taratibu, so sensa iko poa. Moduli nayo nikaipa betri ya volti 12 ikiwa bado imefungwa kwenye hitisinki yake (bila hitisinki usithubutu, inaungua kabla hujashtuka), upande mmoja ukawa baridi fasta. Imebaki bodi tu, na kweli kapasita ya upande wa 12 imevimba kichwa. Nikaweka nyingine ya uwezo uleule, volti zikasimama 11.8 na mzigo ukiwepo. Kumbuka kapasita kubwa ya upande wa 220 inabaki na chaji ya volti kama 300 hata ukishachomoa, itoe kwanza.

Wakati wa kurudishia moduli futa pesti ya zamani, paka mpya nyembamba, kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupokezana, ile ni kauri inapasuka. Nyekundu kwenye chanya, ukigeuza nyaya bomba la baridi litatoa maji ya moto.

Mteja alirudi kulalamika eti glasi ya nne mfululizo inatoka vuguvugu. Hapo hakuna cha kutengeneza, tangi la baridi ni dogo na moduli inapoza polepole, aisubiri kama saa moja hivi.