Mchoro mama wa mashine: anza na mkanda, fremu itafuata

Ukichora mashine ya kukoboa mahindi kwenye SolidWorks, usianze na fremu. Engo unaikata popote unapotaka, mkanda huukati. Mkanda unauzwa kwa namba, B58, B60, B62, na Gerezani, Dar es Salaam, utapewa uliopo dukani. Ndiyo maana kwangu mkanda ndio unaotawala mchoro mama, yaani ule mchoro mmoja ndani ya asembli ambao pati zote zinachukua kwake nafasi na vipimo.

Tuseme mota inazunguka mara 1440 kwa dakika. Puli yake ni milimita 125, ya shafti ya kinu ni 250, kwa hiyo kinu kitazunguka mara 720. Mkanda ni B60, ambao urefu wake wa kukokotolea ni kama milimita 1570. Umbali kati ya shafti mbili, C, unatoka hapa, L ikiwa urefu wa mkanda, D kipenyo cha puli kubwa na d cha puli ndogo:

```
L = 2C + 1.57(D + d) + (D - d)^2 / (4C)
```

Jibu ni karibu milimita 486. Kwenye mchoro mama nachora duara mbili za puli, naziachanisha kwa kipimo hicho, kisha naweka mstari wa juu wa fremu na miguu yake. Basi. Matundu ya bolti na kona za mviringo zikae kwenye pati zenyewe, maana mchoro mama ukijaa vitu, ukibadilisha kimoja unavunjika.

Baada ya hapo kila pati, iwe kitako cha mota, engo za pembeni au kifuniko cha mkanda, inachukua mistari yake kwa `Convert Entities` kutoka kwenye mchoro mama peke yake. Kamwe kifuniko kisishike ukingo wa kitako. Pati zikianza kushikana zenyewe kwa zenyewe, siku ukifuta kitako, kifuniko nacho kinapotea njia, na kwenye orodha ya pati utaona alama `->?`.

Sasa mteja anataka kinu kizunguke mara 600. Puli ya kinu inakuwa 300, mkanda ni uleule, na C inashuka hadi karibu 443. Badilisha vipimo hivyo viwili tu, bonyeza `Ctrl+Q`, halafu tazama: kitako kinapaswa kusogea milimita 43, engo zifupike, kifuniko kipanuke. Pati iliyobaki palepale haijaungwa na mchoro mama. Jaribio hili lifanye kabla fundi hajawasha grainda.

Matundu ya kitako yawe marefu, ili mota irudi nyuma kukaza mkanda na isogee mbele unapouvisha. Urefu huo wa kuteleza nao uutolee kwenye mchoro mama.

Ila pati unayotaka kuitumia kwenye mashine nyingine, kwa mfano nyumba ya beringi, usiiunge hapa kabisa. Ukibadilisha kinu hiki, na ile mashine nyingine itabadilika bila wewe kujua.