WTI inasoma 105, mafuta yako 75: je, tupandishe seti ya kukata?

*Habari injinia. Kiwandani kwetu Tanga tuna transfoma ya 33/11 kV, MVA 15, inayopozwa kwa mafuta na feni. WTI, yaani kipimo cha joto la koili, imesetiwa alamu 95, kukata umeme 105. Mwaka jana kapilari yake, kile kibomba chembamba, ilikatika tukafunga WTI mpya, na tangu hapo alamu inalia karibu kila jioni. Juzi transfoma ilikata kabisa. OTI, kipimo cha joto la mafuta, ilikuwa 75, mzigo upande wa 11 kV ampea 660, hewa ya nje nyuzi 31. Ripoti ya majaribio ya mtengenezaji inasema kwenye mzigo kamili mafuta ya juu hupanda nyuzi 55 na gradienti ya koili ni 20. Meneja anataka alamu iwe 110 na kukata 120. Ni salama? Na hiki kidude kinajuaje joto la koili wakati hakijaingia ndani yake?*

Habari njema, kaka. Namba za meneja wako si mbaya, ila msiziguse kwanza. WTI yenu inadanganya, na ukipandisha seti leo itakata tena siku mzigo ukikaribia kamili.

Nianze na swali lako la mwisho, maana jibu la kwanza linatoka humo. WTI haipimi koili, inaiga. Balbu yake imekaa kwenye poketi juu ya tangi, palipo na mafuta ya moto kuliko yote, sawasawa na OTI. Kimiminika kilichomo kikipata joto hutanuka, kikasukuma mvukuto mdogo ndani ya saa yenye mshale kupitia kapilari, na mshale ukapanda. Mpaka hapo WTI na OTI ni kitu kimoja. Tofauti ni hita ndogo, iliyofungwa kwenye balbu au ndani ya saa yenyewe kulingana na muundo, inayolishwa na CT, kifaa cha kupima mkondo, ya fezi moja ya transfoma. Mzigo ukiongezeka, hita inachemka zaidi na kuongeza nyuzi juu ya joto la mafuta. Nyuzi hizo za ziada ndizo zinazosimama badala ya tofauti kati ya mafuta ya juu na sehemu ya koili yenye joto kali kuliko zote.

Kwa hiyo ukweli wote wa WTI unategemea mtu aliyeisetia hita. Aliyeifunga ile mpya alipaswa kuisetia kwa transfoma yenu, kwa sababu saa haitoki dukani ikiijua gradienti yenu.

Tupige hesabu. Gradienti ya 20 kwenye ripoti ni wastani wa koili juu ya wastani wa mafuta. Sehemu yenye joto kali inazidi hapo, na kwa transfoma ya ukubwa huu kizidishi cha 1.3 ndicho kinachotumika kwa kawaida, kama ripoti haikutaja kingine. Tunapata 20 × 1.3 = 26. Maana yake, kwenye mzigo kamili WTI inatakiwa kuizidi OTI kwa nyuzi 26. Mzigo kamili wa MVA 15 kwenye 11 kV ni ampea 787. Ninyi mlikuwa na 660, na tofauti hiyo hufuata mkondo kwa kipeo ambacho nacho ni 1.3:

```
26 × (660/787)^1.3 ≈ 21
```

Mafuta 75 na 21 ni 96. Saa ilionyesha 105, yaani tofauti ya 30 badala ya 21. Hita kiuhalisia hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo kwenye mzigo huo saa nzuri ingesoma hata chini kidogo ya 96. OTI yenyewe sina shaka nayo: kwa mzigo ule na hewa ya nyuzi 31, mafuta kufika 75 ndiyo hasa nilivyotarajia.

Kuna kipimo kisichohitaji kifaa chochote. Subiri siku kiwanda kimesimama na transfoma haina mzigo kwa saa kadhaa, kisha soma zote mbili. Zikilingana, zikipishana nyuzi mbili tatu tu, kosa liko kwenye hita: inapewa mkondo mwingi mno. Lakini WTI ikiendelea kuizidi OTI kwa nyuzi kama 10 hata bila mzigo, basi hita haina kosa; mshale ndio umehama na saa inahitaji kurekebishwa kwenye beseni la mafuta ya moto. Kosa la kuogopesha zaidi ni la upande wa pili, WTI inaposoma sawa na OTI hata mzigo ukiwa mkubwa. Hapo hita imekufa au waya za CT zimefungwa mahali pasipo, na transfoma inaweza kupika karatasi zinazohami koili zake bila alamu kulia.

Kama ni hita, marekebisho yafanywe transfoma ikiwa imezimwa. Msifungue kamwe waya za CT wakati mzigo unapita, kwa sababu CT iliyo wazi hutoa volti za kuua. Toa balbu, iweke kwenye beseni la mafuta lenye joto lisilobadilika, tuseme 70. Pitisha kwenye saketi ya hita mkondo ambao CT hutoa kwenye mzigo kamili. Kama CT yenu ni 800/2, huo ni ampea 1.97. Usikimbilie kusoma. Mpe kama dakika 45 mshale utulie, kisha rekebisha riostati, kile kirekebishi cha mkondo wa hita, mpaka usome 96, yaani 70 na 26. Kila ukiigusa riostati subiri tena. Wengi hukosea hapa: hita huchukua dakika kadhaa kupasha kipimo, wao wanasoma mapema, wanaongeza mkondo, wanaondoka, na saa inaendelea kupanda nyuma yao. Sitashangaa kama ndivyo ilivyokuwa kwenu.

Sasa seti. Hata saa ikiwa sahihi, 105 ni ya chini kwa Tanga. Siku ya nyuzi 31 na mzigo kamili, joto halali ni 31 + 55 + 26 = 112. Kwa seti zenu transfoma isingeweza kutoa MVA 15 iliyoandikwa kwenye kibati chake. Juu kuna mipaka pia. Mwongozo wa IEC 60076-7 unaweka 120 kwa sehemu yenye joto kali kwenye mizigo ya kawaida ya kupanda na kushuka, na kwa karatasi ya kawaida kila nyuzi 6 za ziada huongeza kasi ya kuzeeka maradufu. Kukaribia 140, karatasi yenye unyevu wa asilimia 2 hivi huanza kutoa viputo vya gesi, na ikiwa na unyevu zaidi huanza mapema. Kwa hiyo alamu 110 na kukata 120 naikubali, baada ya hita kurekebishwa. Kama vipimo vya mafuta vinaonyesha karatasi zina unyevu mwingi, ningeshusha zote mbili kwa nyuzi 5 na kukubali mzigo mdogo.

Mkipandisha sasa, tofauti ya 30 mliyoiona itakuwa kama 43 kwenye mzigo kamili. Mafuta 86, yaani 31 na 55, ukijumlisha 43 ni 129, transfoma inakata. Meneja atataka 135. Halafu siku moja fundi mwingine ataisahihisha hita bila kugusa seti, na hapo mtabaki na ulinzi unaongoja mpaka karatasi zimeungua.

Kwa OTI, weka alamu 95 na kukata 105. Kabla ya kurudisha mzigo, sogeza mshale wa WTI kwa mkono mpaka kila swichi ifunge, huku mtu yuko kwenye paneli anaangalia: feni ziwake, alamu ilie, breka ikate kweli.