Tulichemsha maji, mtoto akageuka bluu

Maji tulikuwa tunayachemsha kila siku, tena kwa muda mrefu. Naanza na hilo kwa sababu mimi ndiye niliyemsisitizia mdogo wangu, na ndipo tulipopotea.

Mwanawe alikuwa na miezi miwili. Maziwa ya mama yalikata mapema, akawa anapewa ya kopo, yaliyokorogwa kwa maji ya kisima cha uani kwao Mbagala, hatua chache kutoka choo cha shimo. Jioni moja nikaona fizi na ulimi vimekuwa vya kijivu chenye ubluu, na kucha pia. Homa hana, kikohozi hana, ila amelegea na chupa haitaki.

Hospitalini kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma asilimia 85. Wakampa oksijeni, wakaiongeza, kikabaki palepale. Daktari akadondosha damu yake kwenye gozi nyeupe: rangi ya chokoleti, na haikuwa nyekundu hata ilipokaa hewani. Akanigeukia: "Mama, maziwa mnakorogea maji gani?"

Alitueleza hivi. Oksijeni hubebwa na chuma kilicho ndani ya hemoglobini ya damu. Uchafu wa chooni huacha kemikali iitwayo naitreti ardhini, nayo hushuka hadi kisimani. Tumboni mwa mtoto, bakteria huigeuza kuwa naitraiti, na hiyo hukinyang'anya chuma elektroni moja. Chuma kilichogeuka hivyo hakishiki oksijeni tena. Kibaya zaidi, chuma kilichobaki kizima jirani yake huing'ang'ania oksijeni yake kisiiachie mwilini. Mwili una kimeng'enya cha kurudisha chuma katika hali yake, lakini kwa mtoto mchanga ni kidogo. Ndiyo maana sisi wakubwa tulikunywa maji yaleyale bila kuhisi lolote, na hakuna aliyekishuku kisima.

Kuchemsha huua vijidudu. Naitreti haiondoki, maji yanapopungua kwa mvuke, yenyewe inazidi kukolea. Dawa ya klorini nayo haiitoi.

Kabla ya kumtibu, daktari aliuliza kama kwenye ukoo kuna aliyewahi kupungukiwa damu ghafla baada ya dawa. Dawa ya kurudisha chuma hicho ni methilini bluu, lakini wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na huku pwani si wachache, inaweza kuwavunjia chembe hizo. Tukasema hatumjui. Akamchoma mshipani miligramu 5, kwa kuwa alikuwa na kilo 5, taratibu kwa dakika tano hivi. Haikupita saa nzima, midomo ikarudi kuwa ya waridi. Mkojo ulitoka wa kijani-bluu, mdogo wangu akapiga kelele. Ilikuwa dawa tu inatoka.

Kama una mtoto mchanga wa chini ya miezi sita anayetumia maziwa ya kopo, usiyakoroge kwa maji ya kisima ambacho hakijapimwa naitreti. Unapopeleka maji maabara itaje kwa jina, maana kipimo cha vijidudu hakiionyeshi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Anayenyonya hana shida hiyo, hata mama akinywa maji hayo, kwani naitreti inayopita kwenye maziwa yake ni kidogo.

Kwa ngozi zetu, usitazame mashavu. Funua mdomo, tazama ulimi na fizi, kisha viganja na nyayo. Ukiona ubluu, nenda hospitali usiku huohuo, na chukua chupa ya maji yale uende nayo.